Malalamiko kuhusu kukatika kwa huduma ya seva, madai ya fidia na ombi la marekebisho

Duka la Kanga, Vitenge na Madera
Kariakoo, Dar es Salaam
8 Aprili 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: TOVUTI YA DUKA KUKATIKA MARA KWA MARA, AKAUNTI NA. 20417

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa kifurushi cha biashara tangu 1 Julai 2024, na ada ya mwaka mzima, TSh 540,000, niliilipa siku ileile ya kwanza. Nimeandika barua hii baada ya tiketi zangu nne kufungwa na mafundi wenu kwa neno "imetatuliwa", wakati tatizo lingalipo. Jumamosi iliyopita, 5 Aprili, tovuti ilikatika tena kwa dakika 50. Naomba barua hii isiingizwe kwenye foleni ya tiketi. Naomba isomwe na mtu mwenye mamlaka ya kulipa na ya kuhamisha seva.

Mwezi Machi ulikuwa wa Ramadhani, na kwa muuza kanga na madera hakuna mwezi unaoukaribia. Watu hununua nguo za Idi usiku, baada ya futari na tarawehe, wakiwa wamejinyoosha na simu mkononi. Saa hizo ndizo seva yenu ilizochagua kulala, mara mbili kati ya tatu.

Jumamosi ya 8 Machi tovuti haikuwa hewani kuanzia saa 4:20 asubuhi hadi saa 7:05 mchana. Ijumaa ya 14 Machi ilikatika saa 2:12 usiku ikarudi saa 5:40. Alhamisi ya 27 Machi, siku chache kabla ya Idi, ilikatika saa 12:50 jioni ikarudi saa 7:15 usiku. Jumla ni saa 12 na dakika 38, yaani dakika 758. Ahadi yenu, iliyo kwenye mkataba na kwenye ukurasa wenu wa bei, ni asilimia 99.9 kwa kila mwezi. Kwa mwezi wa siku 31 ahadi hiyo inawaruhusu kukatika kwa dakika zisizofika 45. Mlichonipa mimi ni asilimia 98.3. Aprili nayo haijamaliza hata wiki mbili na dakika 50 za Jumamosi tayari zimevuka kiwango cha mwezi mzima. Zile dakika kumi kumi za Februari nimeziacha, sizidai.

Sasa niseme kuhusu sababu mlizonipa, maana hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Mara ya kwanza mliniambia tovuti yangu inatumia nguvu kubwa kuliko kifurushi, nipande kifurushi cha juu. Mara ya pili mkasema ni diski ya seva. Mara ya tatu, kuna mteja mwingine aliyeshambuliwa kwa DDoS. Yawezekana zote tatu ni kweli, lakini sijapewa ushahidi wa hata moja, na ile ya kwanza nina uhakika si kweli. Kijana wangu anayenitunzia tovuti alifungua grafu za matumizi ndani ya cPanel: siku ya 8 Machi kichakataji na kumbukumbu havikugusa kikomo hata mara moja. Mteja aliyevuka kikomo cha kifurushi kwenye seva za aina yenu mara nyingi huonyeshwa kosa namba 508. Sisi tulikuwa tunapata 503. Hili hapa jibu la seva usiku wa 14 Machi, kama lilivyotoka:

```
HTTP/2 503
date: Fri, 14 Mar 2025 17:31:06 GMT
retry-after: 3600
```

Saa hiyo ya GMT kwetu ni saa 2:31 usiku. Nalitaja hili kwa sababu fundi wenu alinijibu kwamba "saa 17 hapakuwa na tatizo", akidhani nalalamikia saa 11 jioni. Usiku huohuo barua pepe za duka, zilizo kwenye seva hiyohiyo, nazo zilikuwa zimekufa, na tovuti nyingine zenye anwani ya IP moja na yangu hazikufunguka. Duka langu haliwezi kuangusha tovuti za watu nisiowajua. Kunishauri nilipe zaidi ili niondokane na tatizo lililo kwenu ni jambo ambalo sokoni hapa lina jina lake, nami sitaliandika kwenye barua rasmi.

La 27 Machi ni zito kuliko yote, kwa sababu halikuishia kwenye kukatika. Huduma iliporudi saa 7:15 usiku, tovuti ilikuwa imerejeshwa kutoka bakapu ya usiku wa 26. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyeniarifu. Oda zote zilizoingia tarehe 27 kuanzia asubuhi hadi jioni zikafutika kwenye kanzidata, huku pesa zake zikiwa zimeshaingia kwangu kwa M-Pesa na Airtel Money. Nilikuwa na meseji za malipo bila kujua nani kanunua nini, rangi gani, saizi gani, wala mzigo uende wapi. Ilibidi mimi na wasichana wangu wawili wa dukani tuanze kupigia namba moja baada ya nyingine, usiku wa daku, kuuliza watu walichonunua. Wapo walioelewa. Wapo waliodhani ni matapeli, na siwalaumu. Mtu akikupigia saa 9 usiku kukuuliza ulinunua nini, nawe ungekata simu. Mizigo ya Dodoma na Mwanza iliyotakiwa kuondoka na mabasi ya alfajiri kutoka stendi ya Magufuli haikuondoka. Wateja 11 walidai pesa zao, nikawarudishia, na makato ya kurudisha, TSh 18,700, nikayabeba mimi.

Mnaweza kusema bakapu iliokoa tovuti. Nakubali, bora bakapu ya jana kuliko kukosa kabisa. Ila kwa duka, kurejesha ya jana bila kumwambia mwenyewe ni sawa na kumchania daftari la mauzo. Kabla ya kubonyeza mngenipigia simu. Namba yangu mnayo, kwani ya kunikumbusha ada huwa haiwapotei.

Tarehe 2 Aprili mlinitumia ujumbe kwamba mmeniwekea salio la TSh 27,000, yaani asilimia 5 ya ada ya mwezi kwa kila saa kamili iliyokatika. Hesabu yenu ni sahihi kwa kifungu mlichokitumia. Siikubali kuwa ndiyo fidia yote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inasema aliyevunja mkataba humlipa mwenzake hasara iliyotokana na uvunjaji huo katika hali ya kawaida, au ile ambayo pande zote zilijua wakati wa kuingia mkataba kwamba yaweza kutokea. Kwenye fomu yenu ya kujiunga niliandika matumizi ni "duka la mtandaoni lenye malipo", na mkanishauri kifurushi kwa msingi huo. Hamwezi kusema leo hamkujua kwamba tovuti ikilala, mauzo yamelala.

Najua pia mna kifungu kinachosema hamtawajibika kwa mauzo yaliyopotea. Kifungu cha namna hiyo nakielewa kwa jambo la ghafla. Kebo za baharini zilipokatika 12 Mei 2024 na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima, nilikuwa kwa kampuni nyingine na sikumdai mtu hata shilingi. Lakini seva ambayo mliarifiwa tarehe 8, mkaarifiwa tena tarehe 14, mkaiacha hivyohivyo hadi 27, hilo si jambo la ghafla tena. Ni uzembe.

Hesabu yangu ni hii. Nimechukua mauzo ya tovuti ya wiki iliyotangulia kila tukio, siku ileile na saa zilezile: TSh 480,000 kwa Jumamosi, TSh 620,000 kwa Ijumaa na TSh 1,360,000 kwa Alhamisi. Kwenye hiyo ya mwisho nimetoa TSh 210,000 tulizouza kwa WhatsApp usiku huo tulipoona tovuti hairudi. Inabaki TSh 2,250,000. Sidai mauzo, nadai faida tu, ambayo kwangu ni robo: TSh 562,500. Naongeza TSh 90,000 za matangazo ya Instagram yaliyokuwa yakiendelea jioni ya 27 na kuwapeleka watu kwenye ukurasa mweupe, pamoja na yale makato ya TSh 18,700, na ada kamili ya mwezi Machi, TSh 45,000, badala ya lile salio, ambalo mnaweza kulifuta. Jumla ni TSh 716,200. Mfanyabiashara yeyote wa hapa atawaambia kwamba Alhamisi ya mwisho kabla ya Idi huuza kuliko ya wiki iliyotangulia, kwa hiyo hesabu hii imewapendelea ninyi.

Pamoja na malipo, nataka akaunti yangu ihamishwe kwenye seva nyingine, usiku kati ya saa 8 na saa 10, kwa taarifa ya siku mbili kabla, na bakapu ichukuliwe dakika chache kabla ya kuanza. Nataka maelezo ya maandishi, yaliyosainiwa na mkuu wenu wa ufundi, ya kilichotokea katika kila tukio, yakiambatana na kumbukumbu za seva. Na kuanzia sasa bakapu yoyote isirejeshwe bila idhini yangu kwa simu. Hili la mwisho halina gharama, linaweza kuanza leo.

Nawapa hadi Jumanne, 22 Aprili, kunijibu kwa maandishi. Najua Pasaka imo katikati, ndiyo maana nimeweka siku 14 na si 7. Mkitaka kulipa kwa awamu mbili tutazungumza, sina ugomvi na hilo. Nisipopata jibu la maana nitapeleka malalamiko TCRA na Tume ya Ushindani, nikiwa na viambatisho hivihivi nilivyowawekea hapa: picha za makosa, grafu za cPanel, ripoti za mauzo, meseji za malipo na mazungumzo ya tiketi zote nne. Na ikiwa hadi 30 Aprili akaunti haijahamishwa, naondoka. Katika hali hiyo mtanirudishia ada ya Mei na Juni, TSh 90,000, na kunipa msimbo wa kuhamishia domeni yangu ya .co.tz bila masharti. Domeni imesajiliwa kwa jina langu na nimeilipia, isigeuzwe rehani.

Kwa lolote nipigieni kwa namba iliyo kwenye akaunti, baada ya saa 3 asubuhi. Kabla ya hapo nakuwa napokea mzigo.

Wenu katika biashara,

Mwanaidi S. Rashidi
Mmiliki wa duka