Madoa na Mbuzi Asiyekula Majani

Kipindi cha watoto wa miaka 4 hadi 6. Uwanja wa nyumba, Pangani, asubuhi. Madoa ni ndege, kanga wa kitambaa, mwenye madoa meupe ya kushonwa kwa mkono. Mchezeshaji amejificha nyuma ya jamvi. Bibi ni mtu, amekaa kivulini.

Kwa mchezeshaji: penye (Kimya), hesabu kimoyomoyo hadi tano, na Madoa aitazame kamera bila kutikisika. Usikijaze kimya hicho. Mtoto anatafuta neno, na ukimwahi umemnyang'anya zamu yake. Hatumsikii, kwa hiyo kila sifa lazima imfae hata aliyetoa jibu tofauti.

MADOA: (anachungulia juu ya jamvi) Ke-ke-kee! Hodi! Hodi jamani!

(Kimya.)

MADOA: Ahsanteni, nimeshakaribia. Haya, yule pale Bibi. Tumwamkie pamoja. Moja, mbili, tatu...

(Kimya.)

BIBI: Marahaba wajukuu zangu! Madoa, umebeba nini humo?

MADOA: Siri, Bibi! Wenzangu ndio watakaokisia. Tegeni masikio.

(Anatikisa kikapu: chubwi, chubwi. Kipaza sauti kiwe karibu kabisa.)

MADOA: Kuna nini humu?

(Kimya. Madoa anainamisha kichwa, kama anayenong'onezwa.)

MADOA: Aliyesema maji, masikio yako makali! Aliyesema chupa, umewaza vizuri, maji hukaa chupani. Na wewe uliyenyamaza ukisikiliza, nawe umefanya kazi. Sasa nakitoa kidogo tu.

(Kinatokea kichwa cha nazi iliyofuliwa. Picha ya karibu: vitundu vitatu.)

MADOA: Yala! Kinanitazama! Kina macho mangapi? Hesabuni kwa vidole, mimi sina vidole.

(Kimya.)

MADOA: Nami nahesabu. Moja... mbili... tatu. Mmehesabu bila kuruka hata moja! Nani anakijua kitu chenye macho matatu na maji tumboni?

(Kimya.)

MADOA: Na-zi! Mmeunganisha sauti na macho mkapata jibu. Bibi, wameweza!

BIBI: (anabonyeza kwa kidole) Jicho hili moja ni laini kuliko wenzake. Ukiipanda nazi, mche hutokea hapahapa.

MADOA: Kumbe mnazi mrefu wote ule huanza kwa kuchungulia, kama mimi! Wenzangu, kitendawili!

(Kimya. Watoto wanajibu "Tega!")

MADOA: Mbuzi wangu hali majani, ana meno ulimini, na chakula chake cheupe.

(Kimya. Hesabu hadi nane. Hapa ni pagumu, wape nafasi.)

MADOA: Nani kasema mbuzi wa maziwa? Umeshika neno "mbuzi" na neno "cheupe", maneno mawili muhimu. Na kama umesema papa, umewaza meno! Bado kidogo. Mnanipa mji? Nipeni mji wowote mnaoupenda.

(Kimya.)

MADOA: Ahsanteni kwa mji! Nimekwenda, nimezunguka sokoni, nimerudi. Na mbuzi ni... Bibi, mlete!

(Bibi anafungua mbuzi ya nazi, anakaa juu yake. Picha ya karibu: ulimi wa chuma wenye meno. Anaivunja nazi, maji yanaingia bakulini, anaanza kukuna. Tusikie kwaru-kwaru kwa sekunde kumi, bila muziki.)

MADOA: (kwa sauti ya chini) Inaanguka kama manyoya yangu madogo. Nani kwao kuna mbuzi kama huyu?

(Kimya.)

MADOA: Na kama hayupo, leo umemwona. Meno yake makali, tunayaachia mikono ya wakubwa.

BIBI: Sasa natia maji, nakamua kwa kifumbu.

(Tui linachuruzika, zito, jeupe.)

MADOA: Hayo Bibi anayokamua yanaitwaje?

(Kimya.)

MADOA: Tui! Aliyesema maziwa, umetazama rangi, na kweli yanafanana. Semeni nami: tu-i.

(Kimya.)

MADOA: Limetoka zuri! Na hii iliyobaki kwenye kifumbu, kavukavu?

(Kimya. Madoa anaanza kurukaruka, hawezi kujizuia.)

MADOA: Ni chicha! Chi-cha! Mmekisia mkaniacha nadondoka mate. Bibi, chicha hupewa nani?

BIBI: Hupewa kuku.

MADOA: Na kanga?

BIBI: Waulize wenzio. Wakikubali, nakupa.

MADOA: Wenzangu, nipewe?

(Kimya kirefu. Madoa anaganda, mdomo wazi.)

MADOA: Nimewasikia! Bibi, wamesema nipewe!

(Bibi anamwaga konzi ya chicha jamvini. Madoa anadonoa, anainua kichwa, mdomo umejaa.)

MADOA: Kefo mtanifata hapahapa! Ke-ke-kee!

(Anarudi kudonoa. Kamera inabaki kwake.)