Daftari langu la damu, maumivu na utoko: Septemba 3 hadi Oktoba 16, 2025

Kwa daktari au nesi atakayenipokea Bombo

Nina miaka 42, natokea Pongwe, nauza maandazi. Nimezaa wanne, wote kwa njia ya kawaida, na mimba moja ilitoka 2014. Sindano ya uzazi wa mpango niliacha Machi 2024. Tangu hapo situmii kitu. VVU nilipima Januari, sina. Kipimo cha mlango wa kizazi sijawahi kufanyiwa. Hakuna dawa inayonidhuru.

Julai nilikwenda kituo kimoja. Nilipoulizwa shida, kwa aibu nikasema tumbo tu linauma. Nikapewa dawa ya mkojo na metronidazoli ya siku 7, na wingi wa damu ukasoma 9.4. Nilimaliza dawa zote, hali haikubadilika. Nesi wa zahanati ya mtaani kwetu ndiye aliyeniambia niandike kila siku, nije na daftari.

Ninavyohesabu: pedi *imejaa*, *nusu*, au *doa*. Nikitumia kitambaa cha kanga kuukuu naandika kitambaa. Maumivu kuanzia 0 hadi 10: kwenye 3 nakanda unga kama kawaida, kwenye 6 lazima nikae, kwenye 9 najikunja kitandani na siongei na mtu. Siku ambayo haikuandikwa, hakukuwa na kitu.

Jumatano 3/9. Nimeingia mwezini alfajiri. Pedi 3 nusu. Maumivu 4, chini ya kitovu.

Alhamisi 4/9. Pedi 6 zimejaa. Mabonge mawili makubwa kuliko sarafu ya shilingi 200. Maumivu 7, yanashuka kiunoni na paja la kulia. Diklofenaki moja asubuhi, moja usiku; ilishuka hadi 4. Sikuchoma maandazi.

Ijumaa 5/9. Pedi 7 zimejaa na kitambaa usiku. Niliamka saa 8 na saa 10 kubadilisha, na bado shuka lililowa. Kizunguzungu nilipoinuka kuteka maji. Maumivu 6.

6/9 na 7/9. Pedi 5, kisha 4, zote zimejaa. Bonge moja tarehe 6. Maumivu 5, kisha 3.

8/9 hadi 10/9. Nusu, nusu, doa. Siku 8 jumla. Kabla ya mwaka huu zilikuwa 5, na sijawahi kuhitaji zaidi ya pedi 3 kwa siku. Tarehe huwa nazijua kwa sababu ya sala, nimehesabu tangu nilipovunja ungo. Ila tarehe peke yake haimwambii mtu ni damu kiasi gani.

Jumapili 14/9. Utoko mwingi, mwepesi kama maji, unalowesha nguo ya ndani. Hauna rangi. Hauwashi, wala si wa mgando kama maziwa.

Jumatano 17/9. Usiku nilikutana na mume wangu. Maumivu 5, ndani kabisa, si mlangoni. Baadaye nikaona damu nyekundu mbichi kwenye kanga, upana wa kiganja. Ilikoma asubuhi. Hii ni mara ya nne tangu Mei, na ndiyo niliyoshindwa kuisema Julai. Mume wangu alidhani ni siku zangu. Nilimwacha adhani hivyo.

Ijumaa 19/9. Utoko una rangi kama maji yaliyooshewa nyama. Shombo. Pedi nyembamba 2.

Jumapili 21/9. Shombo imezidi. Jirani alinipa shabu, nikajioshea ndani. Iliwaka na haikusaidia. Naandika kwa sababu nesi alisema nisifiche nilichotumia.

Jumatatu 22/9. Matone ya damu mchana bila kukutana na mume. Nilimweleza nesi habari ya shabu. Akasema niache kabisa kujiosha ndani, kwa shabu wala sabuni. Nje kwa maji tu yanatosha.

Jumatano 24/9. Kipimo cha mimba kutoka duka la dawa: mstari mmoja, hakuna mimba. Mkojo hauwashi na siendi haja ndogo mara nyingi. Choo cha kawaida.

Ijumaa 26/9. Kiuno, 4, mchana kutwa. Parasetamo mbili.

Jumapili 28/9. Hedhi. Siku 25 tangu ile ya mwanzo. Pedi 4 nusu, maumivu 5.

29/9 hadi 1/10. Pedi 7, 8, 6, zote zimejaa. Mabonge kila siku. La tarehe 30 lilikuwa kama kokwa la zambarau, mawili matatu yakifuatana. Tarehe 30 pedi moja ilijaa kwa saa moja na nusu. Nesi alikuwa ameniambia ikijaa kila saa kwa saa kadhaa, au nikizimia, nisingoje miadi, niende hospitali siku ileile. Haikufika huko. Maumivu 8. Binti yangu mkubwa ndiye aliyechoma maandazi siku zote tatu, naye hakuniuliza kitu.

2/10 hadi 6/10. Zilipungua taratibu: 4 zimejaa, 3, 2 nusu, doa, doa. Siku 9. Nikipanda ngazi za sokoni moyo unanienda mbio.

Jumatano 8/10. Nilikwenda kwa mama. Kwa mara ya kwanza nilimuuliza mama mkubwa alikufa kwa nini. Nyumbani siku zote walisema "tumbo". Mama akasema alikuwa akitokwa damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi, na chumba kilikuwa na harufu hadi wakawa wanachoma udi. Hakupelekwa hospitali hadi alipokuwa hawezi kutembea. Sijui kama inanihusu, lakini daktari aijue.

Ijumaa 10/10. Nilikutana na mume wangu. Damu tena, zaidi ya ile ya 17/9; pedi moja nusu hadi asubuhi. Maumivu 6. Safari hii nilimwambia kweli, nikamwonyesha daftari. Alikaa kimya muda, kisha akasema tutakwenda wote.

Jumamosi 11/10. Nilikuwa nimepanga kuja mwisho wa mwezi. Nesi aliposoma ukurasa wa jana alisema nisisubiri, nije wiki hii, wakati sina hedhi, ili mlango wa kizazi uonekane vizuri. Siku mbili kabla tusikutane na nisiweke dawa yoyote ukeni.

12/10 hadi 15/10. Utoko wa maji ya nyama kila siku, pedi nyembamba 2. Shombo ipo. Maumivu 2 hadi 4, paja la kulia zaidi usiku.

Ninayotaka kuuliza

Damu ya baada ya kukutana inatoka wapi, kwenye mfuko wa uzazi au kwenye mlango wa kizazi? Nitapimwa mlango wa kizazi leo? Mkiona kidonda, mtachukua kinyama, na majibu nije kuchukua lini? Ultrasaundi nayo inahitajika, kwa ajili ya mabonge? Damu yangu imeshuka kuliko 9.4? Mume wangu naye atibiwe? Nina binti wa miaka 14 shuleni: je, kama hakuchanjwa chanjo ya mlango wa kizazi, bado anaweza kuipata?

Alhamisi 16/10, saa 12 asubuhi. Maumivu 3. Pedi nyembamba moja tangu jana jioni, rangi ileile. Sijajiosha ndani. Mume wangu yuko nje anasubiri daladala. Kurasa za 17/9 na 10/10 nimezikunja pembe. Nikishindwa kusema, naomba usome hapo kwanza.