Oda za Kukagua Kabla Mzigo Haujatoka Stoo

Kwa ndugu zangu wa dawati la oda, Kirumba.

Kuanzia Jumatatu, oda yenye dalili yoyote kati ya hizi inaandikwa KAGUA na inabaki stoo. Kumwandikia mteja KAGUA si kumwita mwizi. Wengi watapita kwa simu moja, kwa hiyo ongeeni nao kwa adabu.

Idadi. Mteja mpya akiagiza taa za sola au betri zaidi ya 20, KAGUA. Ila tazameni mwezi kabla ya kumshuku. Siku za giza zikikaribia, wavuvi wa dagaa wananunua taa kwa wingi, na oda ya taa 24 ya kwenda Ukerewe siku hizo ni biashara ya kawaida. Taa 24 hizo hizo wakati wa mbalamwezi, za mtu asiyeuliza bei wala chaji inakaa saa ngapi, na anazitaka leo leo, zinatia shaka. Mvuvi lazima aulize chaji, maana taa ikizimika usiku ziwani hasara ni yake.

Malipo. Yakigoma mara moja au mbili, huenda ni mtandao, salio au namba ya siri. Yakigoma mara tatu ndani ya saa moja, KAGUA. Kadi mbili tofauti kwenye oda moja, KAGUA hata kama ya pili imekubali: mwenye kadi za wizi huzijaribu moja moja, mara nyingi kwa kitu kidogo kama waya wa chaji, ndipo anaagiza kikubwa. Na meseji ya muamala aliyowatumia mteja si malipo. Hela ionekane kwenye akaunti yetu.

Anwani. Mji wa mwenye kadi ukitofautiana na mji wa kupokelea, KAGUA. Hapa msiwe wakali, kwa sababu kijana wa Nyakato kumlipia mjomba wake wa Sengerema ni jambo la kila siku. Kinachonitisha mimi ni anwani inayobadilika baada ya malipo: oda ilikuwa ya Nansio, sasa “mpe bodaboda, anakuja”. Hiyo haitoki bila mimi kuridhia.

Kwenye jedwali la oda, D ni aina ya mteja, E idadi ya taa za sola au betri, F mara malipo yalizogoma ndani ya saa moja, G mji wa mwenye kadi, H mji wa kupokelea:

```
=IF(OR(AND(D2="mpya",E2>20),F2>=3,AND(G2<>"",G2<>H2)),"KAGUA","SAWA")
```

Kadi mbili na anwani iliyobadilishwa fomula haizioni. Ziandikeni kwa mkono.

Kukagua ni kupiga namba iliyo kwenye oda, siyo ile iliyotumwa baadaye, na kumwacha mteja ataje mwenyewe alichoagiza na kinakokwenda. Msimuulize namba ya siri wala namba nzima ya kadi. Asipopatikana mpaka saa 10 jioni, rudisheni hela kwenye kadi au simu ile ile iliyolipa, kamwe si kwingine.