Barua ya kuomba nakala za matangazo ya grupu la Darasa la IV B

Mwanaidi Salehe,
Mbagala Kuu,
Temeke,
Dar es Salaam.

14 Julai 2025

Mwalimu Mkuu,
Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Mbagala,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: MAOMBI YA NAKALA ZA MATANGAZO YA GRUPU LA WAZAZI LILILOFUNGWA, DARASA LA IV B

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa Rehema Juma wa Darasa la IV B. Naomba ofisi yako inipatie nakala za matangazo aliyoyatoa mwalimu wa darasa katika grupu la WhatsApp la wazazi, kuanzia Januari mwaka huu hadi grupu lilipofungwa mwanzoni mwa Juni, baada ya mwalimu aliyekuwa akilisimamia kupata uhamisho. Kwenye grupu jipya nimeshaingizwa, nashukuru, lakini aliyeingizwa leo haoni yaliyoandikwa kwenye lile la zamani. Simu iliyokuwa na hayo ya zamani niliibiwa Rangi Tatu wakati wa kugombania daladala. Laini nimeirudisha, meseji hazikurudi.

Nilianza kwa wazazi wenzangu, na baadhi wamenitumia walichonacho. Shida ni kwamba tangazo likishatumwa kutoka simu ya mtu mwingine linafika na tarehe ya leo na jina la aliyelituma leo. Nikilionyesha shuleni, mwalimu mpya ana haki ya kuuliza nani aliliandika na lini.

Na swali hilo tayari lipo mezani. Daftari la mchango wa uji linaonyesha Rehema anadaiwa Aprili na Mei, jumla shilingi 20,000. Fedha hiyo nililipa. Nimekwenda dukani kwa mtandao wangu wa simu nikapewa taarifa ya miamala, na muamala wa shilingi 20,000 umo, ila jina la aliyepokea ni la mzazi aliyekuwa mweka hazina wa darasa, si la shule. Mwalimu mpya wa darasa ameniambia, na kwa upande wake simlaumu, kwamba kwa karatasi hiyo peke yake hawezi kujua kama ilikuwa fedha ya uji au deni letu la vitenge. Tangazo la Aprili ndilo lililotuelekeza tulipe kwa namba ile na kutaja jina la mtoto. Tangazo na muamala vikiwekwa pamoja, hesabu inaonekana. Kimoja bila kingine hakisemi kitu.

Jambo la pili halihusu fedha, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika muhula wa kwanza lilitoka tangazo la kutaka wazazi wakague majina na tarehe za kuzaliwa za watoto kwa ajili ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Jina la Rehema lilikuwa limeandikwa "Rahma". Nilileta nakala ya cheti cha kuzaliwa, na baadaye mwalimu akaandika kwenye grupu orodha ya majina yaliyorekebishwa. Nahitaji orodha hiyo, na naomba pia ofisi ithibitishe kwamba marekebisho yaliingizwa kwenye usajili. Jina likibaki vile, tutakuja kulitafuta wakati wa matokeo.

Sihitaji mazungumzo ya wazazi. Mle mna namba za simu za watu, kuna aliyeeleza ugonjwa wa mwanawe, kuna waliogombana kuhusu sare, na hayo si yangu kuyabeba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo haipendi yazagae. Matangazo ya mwalimu yanatosha, yakiwa na tarehe na jina lake. Kwenye ile orodha, majina ya watoto wengine yafichwe.

Naelewa mwalimu mhusika yuko kituo kipya. Hata hivyo mwalimu wa taaluma alikuwemo kwenye grupu, na kufungwa kwa grupu hakufuti ujumbe uliomo kwenye simu yake, isipokuwa kama ameufuta mwenyewe. Akifungua grupu lile na kuchagua Export chat bila picha, atapata faili la maandishi lenye tarehe na jina mbele ya kila ujumbe. Humo anaweza kutoa matangazo tu. Picha za skrini pia nitazipokea. Gharama ya kuchapisha steshenari ni juu yangu, ila naomba kila karatasi igongwe muhuri wa shule.

Naomba nakala hizi kabla ya kikao cha wazazi cha Ijumaa, 25 Julai 2025. Hadi hapo naomba pia Rehema asizuiwe uji kwa deni hili. Wiki iliyopita alirudi na kikombe chake kikavu. Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye fomu ya mtoto.

Wako mtiifu,

Mwanaidi Salehe
(Mama Rehema)

Viambatisho: taarifa ya miamala ya Aprili na Mei, nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule.