Karatasi ya Kazi: Grafu ya Mtawanyiko, Mstari Unaofaa Zaidi, na Mipaka ya Makadirio

Muda: dakika 80. Vifaa: karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa, rula ndefu inayopitisha mwanga, kifutio. Kikokotoo kinaruhusiwa, ila kisitumike kuchora mstari badala ya macho yako.

Kila nukta kwenye grafu ya mtawanyiko ni kitu kimoja kilichopimwa mara mbili: mche mmoja, umri wake na urefu wake, mwanafunzi mmoja, saa alizosoma na alama alizopata. Nukta haziunganishwi moja kwa moja kama kwenye grafu ya mstari. Tunaziangalia zote kwa pamoja na kujiuliza: kipimo kimoja kikiongezeka, kile kingine kinaelekea wapi?

- Vyote viwili vikipanda pamoja, uhusiano ni chanya.
- Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, uhusiano ni hasi.
- Nukta zikisambaa bila mwelekeo, hakuna uhusiano wa mstari.

Uhusiano una nguvu pale nukta zinapobanana karibu na mstari, na ni dhaifu zinapotawanyika mbali nao. Angalia vizuri hapa, maana wengi huchanganya: mwinamo mkali si uhusiano wenye nguvu. Mstari unaweza kuinama kidogo tu huku nukta zote zikiugusa, na huo ni uhusiano wenye nguvu sana.

## Mfano uliofanywa: mche wa maharage

Darasa lilipima urefu wa mche tangu siku ya 4 baada ya mbegu kupandwa hadi siku ya 20.

| Siku (x) | 4 | 6 | 8 | 10 | 12 | 14 | 16 | 18 | 20 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Urefu, sm (y) | 3.4 | 5.5 | 9.6 | 11.5 | 15.2 | 17.4 | 21.8 | 23.7 | 26.9 |

Hatua ya 1. Weka nukta. Siku ziwe kwenye mhimili wa x kwa sababu urefu ndio unaotegemea siku, si kinyume chake. Andika jina la kila mhimili pamoja na kizio chake.

Hatua ya 2. Tafuta nukta ya wastani. Wastani wa siku ni 12. Jumla ya urefu ni 135.0, ukigawanya kwa 9 unapata 15.0. Weka alama ya msalaba kwenye (12, 15). Mstari wako lazima upite hapo.

Hatua ya 3. Chora mstari. Weka rula juu ya msalaba, kisha izungushe taratibu mpaka nukta za juu na za chini zilingane, mwanzoni mwa mstari na mwishoni pia. Usiulazimishe mstari upite kwenye (0, 0). Usiunganishe tu nukta ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu hizo ni nukta mbili kati ya tisa na hazina haki zaidi ya zile nyingine saba.

Hatua ya 4. Pata mlinganyo. Chagua nukta mbili zilizo *kwenye mstari wenyewe* na zilizo mbali moja na nyingine. Hapa mstari unapita karibu na (6, 6) na (18, 24). Mteremko = (24 − 6) ÷ (18 − 6) = 1.5. Kwa hiyo y = 1.5x − 3.

Soma namba hizo kwa maneno: mche uliongezeka takribani sentimita moja na nusu kila siku. Na ile −3? Inadai kwamba siku ya 0 mche ulikuwa na urefu wa sentimita 3 chini ya sifuri. Hakuna mche wa namna hiyo; siku ile mbegu ilikuwa bado udongoni haijachipua. Namba hiyo inasaidia kuuweka mstari mahali pake, lakini haina habari yoyote kuhusu mche.

Hatua ya 5. Kadiria, kisha jihoji.

*Siku ya 13:* 1.5 × 13 − 3 = 16.5 sm. Siku ya 13 iko kati ya 4 na 20, na nukta za jirani zimebana mstari. Makadirio haya yanaaminika. Andika «takribani 16.5 sm», usiandike «16.5 sm kamili».

*Siku ya 22:* 30 sm. Tumetoka nje ya data kwa siku mbili tu. Tunaweza kulitaja jibu hili kwa tahadhari, tukiongeza maneno «iwapo mche utaendelea kukua kwa kasi ileile».

*Siku ya 365:* 544.5 sm, yaani zaidi ya mita tano. Hesabu haina kosa hata moja, lakini jibu halikubaliki. Mche wa maharage hukua, hutoa maua, huzaa, kisha hufa, na hakuna kipimo chetu kilichofika huko. Mstari unajua kile tu ulichoonyeshwa.

## Zoezi la 1: Mshumaa

Mshumaa uliwashwa na kupimwa kila baada ya dakika 10.

| Dakika (x) | 10 | 20 | 30 | 40 | 50 | 60 | 70 | 80 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Urefu, sm (y) | 19.1 | 18.2 | 16.8 | 16.1 | 14.7 | 14.2 | 12.9 | 12.0 |

(a) Chora grafu ya mtawanyiko na utaje aina na nguvu ya uhusiano.
(b) Tafuta nukta ya wastani, kisha chora mstari unaofaa zaidi.
(c) Andika mlinganyo wa mstari wako. Mteremko unasema nini kuhusu mshumaa?
(d) Kadiria urefu baada ya dakika 55.
(e) Mwanafunzi mmoja ametumia mlinganyo kukadiria urefu baada ya dakika 240. Amepata jibu gani, na kwa nini halifai?
(f) Je, namba ya mwisho kwenye mlinganyo, ile ya x = 0, ina maana safari hii? Linganisha na mche.

## Zoezi la 2: Nukta iliyojitenga

Wanafunzi wanane walieleza saa walizojisomea kabla ya mtihani.

| Saa (x) | 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 | 7 | 8 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Alama kati ya 100 (y) | 42 | 47 | 50 | 58 | 61 | 31 | 71 | 74 |

(a) Nukta ipi imejitenga na nyingine?
(b) Mwalimu anaeleza kwamba mwanafunzi huyo alikuwa na homa kali siku ya mtihani. Chora mstari bila nukta yake, lakini usiifute kwenye grafu, izungushie duara.
(c) Kwa mstari huo, mtu aliyesoma saa 6 angetarajiwa kupata alama ngapi?
(d) Kama hatungejua habari za homa, je, tungekuwa na haki ya kuitoa nukta hiyo? Toa sababu.
(e) Mstari wako unasema nini kwa saa 14? Eleza.

## Zoezi la 3: Upo au haupo?

| Tarehe ya kuzaliwa katika mwezi (x) | 2 | 5 | 9 | 13 | 17 | 22 | 26 | 29 |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Alama ya hisabati (y) | 61 | 48 | 72 | 55 | 67 | 44 | 70 | 58 |

(a) Chora grafu, kisha amua kama inafaa kuchorewa mstari.
(b) Katika kundi la watoto wa miaka 5 hadi 12, wenye viatu vikubwa husoma vizuri zaidi. Je, tuwanunulie watoto viatu vikubwa ili wajue kusoma? Eleza kinachoendelea.

## Zoezi la 4: Maji yanayochemka

Kadiri tunavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwa jotoridi la chini. Vipimo hivi vimekadiriwa hadi nyuzi kamili.

| Mwinuko, m (x) | 0 | 1000 | 2000 | 3000 | 4000 |
|---|---|---|---|---|---|
| Jotoridi la kuchemka, °C (y) | 100 | 97 | 93 | 90 | 87 |

(a) Chora mstari na uonyeshe kwamba jotoridi hushuka takribani nyuzi 1 kwa kila mita 300.
(b) Kadiria kwa mita 2500.
(c) Kilele cha Everest kiko mita 8,849. Kadiria jotoridi la kuchemka huko. Umetoka nje ya data kwa kiasi gani?
(d) Katika (c) una sababu gani ya kuamini jibu lako zaidi kuliko la mche wa siku 365?

## Majibu na maelezo ya kusahihisha

Mistari ya wanafunzi haitafanana kabisa. Kubali mteremko unaokaribia ule uliotolewa, mradi mstari umepita kwenye nukta ya wastani na nukta zimegawanyika vizuri pande zote mbili.

Zoezi la 1. Uhusiano ni hasi wenye nguvu. Nukta ya wastani ni (45, 15.5). Mlinganyo ni karibu na y = 20 − 0.1x: mshumaa hupungua takribani sm 0.1 kwa dakika. Kwa dakika 55, takribani 14.5 sm. Kwa dakika 240 mlinganyo unatoa −4 sm, na hakuna mshumaa wenye urefu hasi. Kwa mstari huu ungekuwa umekwisha karibu na dakika ya 200. Mwanafunzi aandike sababu hiyo, asiishie kwenye «haiwezekani». (f) Ndiyo: sm 20 ni makadirio ya urefu wa mshumaa kabla ya kuwashwa. Tumerudi nyuma kwa dakika 10 tu, na mshumaa ulikuwepo. Mche haukuwepo.

Zoezi la 2. Nukta ni (6, 31). Bila hiyo, mstari ni karibu na y = 4.7x + 37.5, na saa 6 zinatoa takribani alama 66. Ikiachwa ndani, mstari unavutwa chini na makadirio yanakuwa kama 59. Nukta moja imepunguza alama saba hivi. (d) Hapana. Kutokufurahishwa na nukta si sababu ya kuitoa. Bila maelezo tunaiacha, na tunaitaja kwenye jibu. (e) Takribani 103, zaidi ya alama zote za mtihani. Kabla ya kufika huko uhusiano lazima uwe umepinda.

Zoezi la 3. (a) Hakuna uhusiano, na hakuna mstari wa kuchora. Atakayechora mstari karibu mlalo asinyimwe alama zote, lakini aulizwe mstari huo unamsaidia kukadiria nini. (b) Umri ndio unaokuza miguu na ndio unaoleta miaka ya kusoma. Vipimo viwili vinaweza kupanda pamoja bila kimoja kusababisha kingine.

Hapa wakumbushe kuchora kabla ya kukokotoa. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data zenye wastani uleule na mstari unaofaa zaidi uleule, karibu y = 0.5x + 3. Zikichorwa hazifanani kabisa: moja ni mtawanyiko wa kawaida, nyingine imepinda, na mbili zinaburutwa na nukta moja iliyojitenga.

Zoezi la 4. (a) Kutoka mita 0 hadi 4000 jotoridi limeshuka nyuzi 13, na 4000 ÷ 13 ni karibu 308. (b) Takribani 92 °C. (c) 8849 ÷ 300 ni karibu 29.5, kwa hiyo takribani 70 °C. Tumevuka mara mbili ya mwinuko mkubwa kabisa uliopimwa. (d) Jibu hili liko karibu na thamani inayojulikana kweli. Alama kamili apewe mwanafunzi atakayetaja kwamba tunajua *chanzo*: hewa huendelea kupungua mgandamizo bila kubadilika ghafla kati ya mita 4000 na kilele. Kwa mche tunajua kinyume chake, kwamba ukuaji husimama. Asiyetaja chanzo, akasema tu «mstari umenyooka», apewe nusu.