Barua kwa Mwalimu Ouma kuhusu mswada wa filamu ya "Gorogoro la Mwisho"

Kisumu,
9 Septemba 2025

Mpendwa Mwalimu Ouma,

Pokea salamu zangu. Natumai nyumbani hamjambo.

Tangu warsha ya Machi, uliponiambia kwamba wahusika wangu wanahutubiana badala ya kuzungumza, nimeandika upya mara tatu. Rasimu hii ya nne nimeiambatisha: kurasa 26. Kwa ile hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika moja, imezidi dakika sita juu ya zile 20 ninazotaka.

Kisa kinaanza Dunga alfajiri ya tarehe 1 Agosti, omena inaporuhusiwa kuvuliwa tena baada ya miezi minne. Adhiambo ameingia majini hadi magotini, beseni kichwani, na pesa alizokopa kwenye chama amezifunga kwenye pindo la leso. Mvuvi anazikataa. Anataka jaboya: alale naye kwanza ndipo ampe omena.

Hapo ndipo nilipokwama. Nimekaa pale ufuoni asubuhi nyingi, nikiwasaidia akina mama kuanika omena kwenye nyavu na kuzikusanya mbiombio wingu likitanda. Wamenisimulia mambo mazito, nami nawaogopa wao kuliko mtazamaji yeyote. Sitaki waione filamu hii wahisi nimewauza. Lakini nikimsoma Okello, yule mvuvi, naona nimemfanya shetani mtupu, ilhali hata chombo si chake na mwenye chombo anamdai. Soma sini ya 9 uniambie: je, anaaminika?

Jambo la pili ni mwisho. Adhiambo anamwaga omena ziwani. Kuna siku naona ni sawa, na kuna siku naona mwanamke mwenye watoto watatu na deni hawezi kamwe kufanya hivyo. Hili ndilo linaloninyima usingizi.

Sini za ziwani ni za usiku usio na mbalamwezi, kama omena wanavyovuliwa. Natamani mwanga uwe wa taa za wavuvi pekee. Kama kamera ya kukodi haitaweza, niambie mapema nizihamishie ufuoni.

Tafadhali usinionee huruma. Kama sini haifai, ikate kwa kalamu nyekundu. Heri niumie sasa kwenye karatasi kuliko baada ya kuwalipa waigizaji kwa akiba ya miaka miwili.

Naomba pia nusu saa yako. Jumamosi tarehe 20 nitakuwa huru kutwa nzima. Nitakuja popote utakaponiambia, iwe nyumbani kwako Milimani au mjini. Ikiwa siku hiyo una shughuli, jioni yoyote ya wiki itakayofuata itanifaa, baada ya saa kumi na moja. Na ukikosa nafasi ya kusoma kurasa zote, anza na sini ya 9 na ile ya mwisho.

Nakushukuru kwa kunifungulia mlango wako tangu mwanzo.

Mwanafunzi wako,
Akinyi