Kopo la Bati

Arobaini ya Mzee Hamadi ilikuwa Jumamosi, na Salma alikuwa bado anahangaika na video ya kumbukumbu. Picha alizopewa zilimwonesha mzee kazeeka tu, kakaa kibarazani Ngamiani, fidla haipo.

Mjukuu mmoja akaleta kopo la bati lililokuwa nyuma ya kabati. Salma alipolifungua, harufu kali ya siki ikampanda puani: filamu ilikuwa imeanza kuoza. Rili ndogo, Supa 8, ya dakika tatu hivi. Hakuthubutu kuipitisha kwenye projekta, maana kingo zimejikunja na ingekatika. Aliisafisha taratibu, akaipiga picha fremu kwa fremu, kisha akaziunga kwa kasi ya fremu 18 kwa sekunde.

Kijana mwembamba akatokea, kidevu juu ya fidla, macho kafumba. Nyuma yake kikundi kizima cha taarabu. Sauti hamna.

Akampelekea Bi Zuhura kompyuta.

"Shikamoo bibi. Nitie wimbo gani hapa?"

"Marahaba mwanangu. Hebu rudisha."

Bibi akavitazama vidole vya mumewe, akaanza kuimba, na kila upinde uliposhuka, ubeti ulikuwa papo hapo.

"Nirekodi mimi," akasema. "Na huyo mwenye dumbaki yu hai, yuko Pangani. Mpigie leo leo aje, tusimzike rafiki yake mara ya pili bila muziki."